Mzigo wa mbao kutoka Mafinga: kufuatilia dalili ya njiani hadi kwenye chanzo chake

Nimekuwa nikisimamia magari ya mizigo kwa miaka kadhaa, na tukio lililonifundisha zaidi lilitokea kati ya Ruaha Mbuyuni na Mikumi, karibu saa 4 usiku. Fuso la ekseli mbili lilikuwa likirudi Dar es Salaam kutoka Mafinga na mbao 900 za 2x4 za futi 12. Gari lilianza kuhama taratibu kuelekea ukingo wa barabara. Tandiboi akapiga kelele, dereva akashtuka na kukanyaga breki zote. Mbao za safu za juu zikateleza mbele, zikapita juu ya ukuta wa mbele wa bodi na kugonga paa la kebini. Hakuna aliyekufa. Dereva aliumia bega.

Ripoti ya kwanza iliyoletwa ilisema "dereva alisinzia". Ni kweli alisinzia, lakini maneno hayo hayakunisaidia kuzuia tukio la pili. Tulipokaa na dereva na tandiboi wake tukairudia safari nzima, tulikuta kwamba gari lilikuwa limetoa dalili tatu kabla ya ajali, na kila moja chanzo chake kilikuwa saa kadhaa nyuma, mahali pengine kabisa. Nazipitia hapa moja moja kwa utaratibu tunaoutumia sasa: umeona nini, kinaweza kuwa kimesababishwa na nini, utajuaje, na ufanye nini.

Dalili ya kwanza: mikanda imelegea kabla ya kufika Iringa

Kutoka Mafinga hadi Iringa mjini ni kilomita 80 hivi. Tandiboi aliposhuka Iringa aliushika mkanda wa pili akauona unacheza. Akaukaza kwa racheti, safari ikaendelea. Hakukosea kuukaza, ila hakuna aliyejiuliza kwa nini ulilegea.

Chanzo cha kawaida kabisa ni mzigo kujikalia. Mbao zikipangwa kwa mkono huacha nafasi ndogo ndogo kati ya safu, na mtikisiko wa kilomita za mwanzo huziziba. Rundo likishuka hata sentimita 1, mkanda uliokuwa umekazwa vizuri haubani tena. Kwa hiyo kusimama baada ya kilomita 20 hadi 30 za kwanza na kukaza upya ni sehemu ya kufunga mzigo. Hapo kazi ya kufunga ndiyo inaisha, si pale kiwandani. Ukikaza upya, ukaenda kilomita 50 nyingine na mkanda ukalegea tena, basi usiendelee kulaumu kujikalia. Tafuta jingine.

Kwanza tazama kona. Mkanda unaopita juu ya kona kali ya ubao hujichimbia humo. Upande wenye racheti unakaa umekaza na upande wa pili umelegea. Gonga pande zote mbili kwa kiganja. Zikitoa milio tofauti, nguvu haijavuka juu ya mzigo. Weka kinga ya kona, hata kipande cha plastiki ngumu, ili mkanda uteleze na kusambaza nguvu. Pili, tazama kama mzigo umehama. Njia rahisi ni kuchora mstari wa chaki kutoka kwenye mbao hadi kwenye bodi kabla ya kuondoka. Mstari ukikatika, mzigo umetembea, na hapo kukaza peke yake hakutoshi kwa sababu kilichousogeza bado kipo.

Katika Fuso letu mstari wa chaki haukuwepo, lakini bodi yenyewe ilisema. Sakafu ya chuma ilikuwa imefunikwa na unga wa mbao kutoka safari zilizopita, na kwenye unga huo kulikuwa na mikwaruzo mipya ya sentimita kama 10 kuelekea mbele. Mbao zilikuwa zimeanza kusogea muda mrefu kabla ya breki ile ya ghafla.

Hapa panahitaji hesabu kidogo, na naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa madereva wengi wazuri ninaowajua hawajawahi kuambiwa hivi. Mkanda unaopita juu ya mzigo haushikilii mzigo usiende mbele. Kazi yake ni kuukandamiza chini ili msuguano kati ya mzigo na sakafu uongezeke. Kinachozuia mzigo ni msuguano. Kipimo cha Ulaya kinachotumiwa sana kinataka mzigo uweze kustahimili nguvu ya mbele sawa na sehemu 0.8 ya uzito wake, na ya pembeni au ya nyuma sehemu 0.5. Mbao juu ya chuma zina msuguano wa 0.3 hivi. Ina maana uzito wa mzigo wenyewe unazuia 0.3, na 0.5 iliyobaki lazima itoke kwenye mikanda.

Mbao zetu 900 zikiwa kavu zina tani 8 hivi. Gawanya 0.5 kwa 0.3, zidisha kwa tani 8, unapata mkandamizo wa zaidi ya tani 13. Mkanda mmoja wa milimita 50 ukikazwa kwa mkono huvuta kilo 350 hivi kila upande, yaani kilo 700 za mkandamizo. Utahitaji mikanda 19, na hapo hujaongeza akiba yoyote ya usalama. Wao walikuwa na 4.

Watu huniambia, "Lakini mkanda umeandikwa 2500." Namba hiyo ni nguvu unayoweza kustahimili ukivutwa moja kwa moja bila kukatika. Haielezi unakandamiza kiasi gani. Kwenye lebo ile ile kuna namba nyingine ndogo, ambayo kwa racheti za kawaida huwa kati ya 300 na 500 hivi, na imeandikwa STF. Kwa mkanda unaopita juu ya mzigo, soma hiyo.

Hakuna mtu atakayefunga mikanda 19, na wala haitakiwi. Ukitandika mikeka ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hii chini ya mzigo, msuguano unapanda hadi 0.6. Sasa kinachobaki kwa mikanda ni 0.2. Gawanya kwa 0.6, zidisha kwa tani 8: tani 2.7. Mikanda 4 inatosha kwa hesabu hiyo, nasi tunafunga 6 kwa akiba. Msuguano umeongezeka mara mbili tu, lakini mahitaji ya mikanda yameshuka mara tano. Hii ndiyo sababu nasema ufagio na mpira vinafanya kazi kubwa kuliko racheti mpya. Mpira uliotandikwa juu ya unga wa mbao au mchanga hauna faida. Fagia kwanza hadi chuma kionekane.

Kuna jambo ambalo mpira wa chini hauliponyi. Safu za juu zinakaa juu ya mbao nyingine, si juu ya mpira, na mbao zilizochanwa laini huteleza zenyewe kwa zenyewe. Hizo zinazuiwa kwa ukuta. Bodi ya gari letu ilikuwa na urefu wa mita 7.7, na marundo mawili ya futi 12 yanachukua mita 7.3. Wapakiaji waliyasukuma yote nyuma ili kushusha kuwe rahisi, wakaacha karibu sentimita 40 wazi mbele. Mzigo ukipata sentimita 40 za kukimbia, unafika kwenye ukuta ukiwa na mwendo, na ukuta uliojengwa kubeba msukumo wa polepole unapigwa kama kwa nyundo. Isitoshe, rundo lilikuwa na zaidi ya mita 1 kwenda juu wakati ukuta ulikuwa na sentimita 80. Kila ubao uliokuwa juu ya hapo haukuwa na kitu mbele yake isipokuwa kebini.

Siku hizi rundo la kwanza linagusa ukuta wa mbele, la pili linagusa la kwanza, nafasi yote inabaki nyuma, na hakuna safu inayozidi ukuta. Mbao zikibaki, zinabaki kiwandani.

Kuhusu uzito, usihesabu kwa vipande. Mbao 900 zile zile zikitoka kwenye msumeno zikiwa mbichi zinaweza kufika tani 13. Kwa sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ya mwaka 2016, gari la ekseli mbili kama hili lina kikomo cha tani 8 mbele na 10 nyuma, jumla 18. Gari tupu likiwa na tani 7, umebakiwa na 11. Ukiusukuma mzigo nyuma, ekseli ya nyuma inaweza kuzidi hata kama jumla iko sawa, na hilo ni kosa unaloambiwa kwenye mizani wakati huna tena mahali pa kulirekebisha.

Dalili ya pili: harufu ya breki baada ya Kitonga

Kutoka Iringa unateremka Kitonga kabla ya kufika Ruaha Mbuyuni. Dereva alisema alisikia harufu ya kuungua kwenye kona za mwisho, na ilimbidi kukanyaga breki zaidi kuliko kawaida. Aliposimama Mbuyuni alimwagia magurudumu maji, akapumzika dakika 30, akaondoka. Maji hayo ni hatari. Drum ya breki iliyochemka ikipigwa maji ya baridi inaweza kupasuka, na ufa hauonekani kwa nje.

Harufu ina vyanzo viwili, na usivichanganye. Cha kwanza ni namna ya kuendesha. Ukianza kuteremka ukiwa na gia ya juu, injini haikusaidii, breki zinabeba mzigo wote, drum zinapata moto na kutanuka, na laining inalazimika kusafiri mbali zaidi kuifikia. Ndiyo maana unalazimika kukanyaga zaidi. Gia ya kuteremkia inachaguliwa juu kabla ya mteremko, si katikati, kwa sababu ukikosa kuingiza gia ukiwa njiani unabaki bila injini. Washa breki ya ekzosti, na breki ya mguu iguswe kwa nguvu na kwa muda mfupi: mwendo ukifika pale ulipopanga, kanyaga hadi upungue kilomita 10 hivi kwa saa, kisha achia kabisa zipate hewa. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakochemsha.

Chanzo cha pili ni breki zisizo sawa, nacho utakijua kwa kulinganisha. Ukisimama chini ya mteremko, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Yote yakiwa na joto linalofanana, uendeshaji ndio wa kuangalia. Moja likiwa na moto kuliko mengine, breki yake inakwama au beringi inakufa. Lakini lililo hatari zaidi ni lile la baridi. Gurudumu la baridi halikufunga, maana yake mengine matatu yalifanya kazi yake. Katika Fuso letu, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa la baridi. Fundi alikuta kirekebishi cha breki kimelegea kiasi kwamba laining haikufika kwenye drum. Tandiboi alikuwa ameliona hilo Mbuyuni, akadhani ni jambo zuri.

Kasoro hiyo ingeonekana asubuhi Mafinga. Ukaguzi wa kila siku ulikuwa umejazwa kwenye fomu, tiki zote 24, kwa mwandiko mmoja uliokimbia. Tangu hapo nimepunguza fomu. Nataka vitu vichache, vifanywe kwa mikono.

Kwa breki za upepo: weka vizuizi kwenye tairi, jaza upepo hadi mwisho, zima injini, achia breki ya kuegesha, kanyaga breki ya mguu na kuishikilia dakika 1. Geji isishuke zaidi ya bari 0.2 kwa gari lisilo na tela. Ikishuka, kuna uvujaji. Sikiliza unapotoka wapi wakati mwenzako bado amekanyaga. Katika dakika hiyo hiyo tandiboi anaangalia chini, kila gurudumu, kama fimbo ya breki inasogea na kama zinasogea sawa. Ile ya nyuma kushoto ingejionyesha hapo. Kisha washa swichi bila kuwasha injini, pampu kanyagio hadi upepo upungue. Kengele ya onyo ilie kabla ya kufika bari 4. Mwisho fungulia maji kwenye matangi ya upepo. Yakitoka maji kidogo ni kawaida, yakitoka na oili, kompresa inaomba fundi.

Kwa magurudumu, tafuta michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, au mduara unaong'aa kuizunguka. Nati hiyo inacheza. Tazama kati ya tairi pacha kama kuna jiwe lililonasa. Na gurudumu lililofunguliwa jana likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Taa, vioo na wipa vinaonekana kwa macho, sivichukulii muda hapa.

Dalili ya tatu: dereva hakumbuki kilomita zilizopita

Baada ya Mbuyuni, tandiboi aliuliza kama wameshapita kijiji fulani. Dereva akajibu hajui. Muda mfupi baadaye alichelewa kubadilisha gia kwenye mwinuko hadi injini ikatetemeka. Miayo ilikuwa imeanza Ilula. Kila moja ya dalili hizi peke yake inaweza kupuuzwa. Zikiwa mbili ndani ya nusu saa, ubongo umeanza kujizima kwa sekunde chache chache bila mwenyewe kujua. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, sekunde 4 ni mita 78.

Tulipohesabu saa za usukani, kila mtu alishangaa. Aliondoka Mafinga saa 10 jioni. Alipofika Ruaha Mbuyuni saa 2 usiku alikuwa ameendesha chini ya saa 4, na ajali ilitokea akiwa na saa 5 na kitu. Sheria ya Ulaya, ambayo tunaitumia kama kipimo chetu cha ndani, inaruhusu saa 9 za usukani kwa siku, na mapumziko ya dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Kwa karatasi hiyo alikuwa karibu sawa.

Tulikuwa tunahesabu kitu kisicho sahihi. Dereva huyo aliamka saa 10 alfajiri. Saa 1 asubuhi alikuwa kiwandani, akasimamia kupakia hadi saa 9 alasiri, na mwenyewe alibeba mbao ili kazi iishe. Saa 3 usiku alikuwa ametimiza saa 17 akiwa macho. Mtu aliyefikia hapo huitika polepole kama mtu mwenye miligramu 50 za pombe katika mililita 100 za damu. Hakuna mwenye gari ambaye angempa ufunguo dereva aliyekunywa kiasi hicho, lakini sisi tulimpa, kwa sababu tulikuwa tunaangalia saa za usukani tu.

Kwa hiyo swali la kwanza dereva anapopiga simu kusema amechoka ni: umeamka saa ngapi? La pili: ulilala wapi? Dereva anayelala kebini huku akisikilizia wezi wa mafuta halali. Ukiona dereva huyo huyo anachoka katika safari fupi, angalia anakolala na posho anayolipwa kabla ya kumwita mvivu. Posho inayohesabiwa kwa safari inamfundisha asilale.

Tiba ya njiani ni moja. Egesha mahali salama, ikiwezekana kwenye mwanga, lala dakika 20, ukiamka kaa dakika 15 kabla ya kushika usukani kwa sababu kichwa bado kizito. Kahawa inywe kabla ya kulala hizo dakika 20, maana huchukua karibu muda huo kuanza kufanya kazi. Dirisha wazi, muziki na maji usoni huamsha kwa dakika chache tu. Mirungi, mbali na kuwa kinyume cha sheria hapa Tanzania, inaficha dalili huku uchovu ukiendelea kujaa. Na usingizi wa dakika 20 unakufikisha kwenye kituo cha kulala kilicho karibu. Haukufikishi Dar.

Safari ile ile, ikipangwa upya

Sasa mzigo unapakiwa jana yake na wapakiaji, chini ya macho ya tandiboi mmoja aliyefundishwa hesabu ya mpira na ukuta. Dereva analala. Saa 11 alfajiri anaamka, anafanya ukaguzi wake, anakagua mikanda, anachora chaki. Anaondoka Mafinga saa 12. Baada ya kilomita 30 anasimama na kukaza upya. Tunakadiria kilomita 50 kwa saa kama wastani wa gari lililojaa, si 80 ambayo ndiyo kikomo cha sheria, kwa sababu makadirio ya 80 ndiyo yanayomfanya dereva kukimbizana na muda ambao hakuwahi kuwa nao. Kitonga anaiteremka mchana. Ruaha Mbuyuni, kilomita 180 hivi kutoka alikoanza, anafika akiwa na saa 3 na nusu za usukani. Hapo anapitisha mkono kwenye magurudumu yote, anatazama chaki, kisha anakula na kupumzika dakika 45 kamili.

Kutoka hapo hadi Morogoro kuna kilomita 210 hivi, saa 4 na robo. Anafika saa 10 jioni, akiwa na saa 11 macho, na kuna nafasi ya saa nzima kwa mizani au foleni bila kumlazimisha kuendesha usiku. Analala Morogoro kwenye nyumba ya wageni tunayoilipia sisi, gari likiwa kwenye maegesho yenye mlinzi. Kesho yake alfajiri anapita mizani ya Mikese na kuingia Dar kabla ya mchana.

Safari imeongezeka usiku mmoja. Wateja wawili walilalamika mwanzoni, nikawapa saa mpya ya kupokea mbao. Kanuni iliyobaki ni kuhusu simu. Ofisini hakuna anayeruhusiwa kumpigia dereva kumuuliza "umefika wapi?" akiwa kwenye usukani. Dereva ndiye anayepiga, akiwa amesimama, Mbuyuni na Morogoro. Akiniambia chaki imekatika, au gurudumu moja ni la baridi, au ameamka saa 8 usiku kwa sababu mtoto aliumwa, gari halisogei hadi tumelimaliza hilo.